Siku 225 za Kimya

Karatasi zilifika asubuhi ya Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2024, mafundi wakiwa juu wanafunga nondo za linta. Aliyezileta hakuwa na maneno mengi. Alimuuliza mama mwenye jengo jina lake, akampa bahasha, akamwomba atie sahihi kwenye nakala, kisha akapanda bodaboda iliyokuwa ikimngoja. Ndani ya bahasha mlikuwa na hati ya madai kuhusu kiwanja, maombi ya zuio la muda, na amri ya mahakama iliyotolewa siku mbili kabla, mama mwenyewe akiwa hana habari, kwamba asiendelee kujenga mpaka tarehe 5 Novemba.

Mama huyu nimemtunga mimi, pamoja na kiwanja chake cha Mtwapa na mtu aliyemshtaki. Sheria atakazokutana nazo sikuzitunga, wala mitego iliyomo ndani yake. Kesi za namna hii ziko tele katika mahakama za pwani ya Kenya, ambako kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara mbili na familia moja, na kila mnunuzi akawa na karatasi yake.

Alinunua mwaka 2021, na hati miliki ina jina lake. Anajenga vyumba vinane vya kupangisha. Mwombaji anafanya kazi Doha, na anasema kwamba kiwanja hicho hicho alikinunua mwaka 2016 kwa makubaliano ya maandishi, kabla wauzaji hawajageuka na kumuuzia mama. Mwenye haki ni nani? Hilo ni swali la kesi yenyewe, na kesi yenyewe inaweza kula miaka. Maombi ya zuio yanauliza swali dogo zaidi: tukiwa tunangoja jibu, ujenzi usimame au uendelee?

Amri iliyomfikia mama ni ya upande mmoja, na kanuni zinajua kwamba ni kitu cha hatari. Agizo la 40 la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010 linaizuia isizidi siku 14 kwa mara ya kwanza, na linamtaka aliyeipata aifikishe kwa mwenzake ndani ya siku tatu. Baada ya hapo pande zote mbili husikilizwa, na mahakama ikitoa zuio la kungojea hukumu, zuio hilo laweza kudumu miezi 12 kabla ya kufa lenyewe, isipokuwa pawe na sababu ya kutosha ya kulirefusha. Kwa hiyo tarehe 5 Novemba ndiyo siku yenyewe. Itakapofika, mahakama haitamwita mama kizimbani aeleze habari zake. Itasoma hati ya kiapo ya mwombaji, halafu itatafuta hati ya kiapo ya mama ya kumjibu. Majirani zetu wa Tanzania huiita kiapo kinzani.

Asipoiweka, madai ya mwenzake yatabaki peke yake mezani, yameapiwa na hayakupingwa. Akiiweka ikiwa imechelewa, anajitafutia balaa nyingine, kwa sababu inatakiwa iwe mahakamani na mikononi mwa mwombaji siku tatu kamili kabla ya kusikilizwa. Kamili maana yake siku ya kuwasilisha haihesabiwi, wala siku ya kesi, na kwa muda mfupi kama huu hata Jumapili haimo. Kwa mama wetu, mwisho ni Alhamisi tarehe 31 Oktoba. Ana wiki moja.

Kabla ya kuandika neno lolote, anapaswa kufanya jambo moja litakalomuuma: kuwateremsha mafundi. Amri ya mahakama hutiiwa hata na anayeiona ni ya uonevu. Wapo wanaomwaga zege usiku kwa taa za magari ili asubuhi linta iwe imeshakauka. Picha ya zege hiyo ikifika mahakamani, hati ya kiapo nzuri kuliko zote haitafaa kitu, na mazungumzo yatakuwa ni ya kifungo au faini kwa kuidharau mahakama.

Sasa aseme nini? Kipimo ni cha tangu mwaka 1973, pale Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown. Anayeomba zuio aonyeshe kwanza kwamba dai lake lina uzito wa kutazamika na dalili ya kushinda. Pili, aonyeshe kwamba asipopewa zuio ataumia kwa namna ambayo pesa haitaweza kuponya. Mahakama ikibaki na shaka, ndipo inapochukua mizani na kuuliza nani atasumbuka zaidi amri ikielekea huku au kule. Mwaka 2014, katika shauri la Nguruman Limited, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisisitiza kwamba hivyo ni viunzi vitatu vya kurukwa kimoja baada ya kingine. Ikakaza zaidi: kama fidia ya pesa inatosha, na anayepingwa ana uwezo wa kuilipa, kwa kawaida zuio halitolewi hata dai la mwombaji likiwa na nguvu namna gani. Tanzania wanapita karibu na njia hiyo hiyo kwa shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969.

Msomaji makini ameshaona kwamba kuchelewa hakumo katika viunzi hivyo. Na bado, ukiniuliza mimi, kuchelewa ndiko kunakoibeba hati yote ya mama.

Zuio la muda si haki ambayo mtu anaidai kama deni. Ni hisani inayotokana na sheria za usawa, na usawa haumpendi aliyelala. Mtu anayeona ardhi yake inachimbwa msingi hukimbia. Akikaa, kukaa kwake kunasema jambo ambalo kiapo chake kinakana: kwamba maumivu hayakuwa ya kushindwa kuvumilika. Kwa hiyo kuchelewa kunakula kiunzi cha pili. Halafu, wakati yeye amekaa, mwenzake alikuwa akimimina pesa ardhini, na kila mfuko wa saruji uliongeza uzito kwenye upande wake wa mizani. Hapo kunakula na kiunzi cha tatu.

Ila kuchelewa hakuthibitishwi kwa kulalamika. Mtu aliyeudhika huandika hivi: «Mwombaji amekuja mahakamani kwa kuchelewa kupita kiasi na kwa nia mbaya.» Maneno hayo ni hoja, na hoja si kazi ya shahidi. Tangu shauri la Matovu la Uganda la mwaka 1966, mahakama za kanda hii zimekuwa zikikumbusha kwamba hati ya kiapo ni ushahidi ulioandikwa, na haipaswi kubeba mabishano ya kisheria wala maombi. Kinachotakiwa ni matukio yenye tarehe, yasimuliwe na aliyeyaona, kwa nafsi ya kwanza, katika aya zenye nambari. Hoja zina karatasi yake nyingine, ambayo wakili ataiandika.

Mama wetu, bahati yake, ni mtu wa kutunza risiti. Msingi ulichimbwa tarehe 5 Februari 2024. Tarehe 11 Machi, kaka yake mwombaji, anayekaa mtaa wa pili, alikuja kazini na barua ya wakili. Barua ilidai «kiwanja au shilingi milioni 2.4» ndani ya siku 14. Tarehe 25 Machi mama alijibu, akaambatanisha nakala ya hati miliki, akaomba aonyeshwe makubaliano hayo ya mwaka 2016. Barua yake ilipokewa na ofisi ya wakili huyo na kugongwa muhuri. Baada ya hapo, kimya. Kimya hicho kilidumu mpaka kesi ilipofunguliwa tarehe 22 Oktoba. Kutoka barua ya kwanza hadi kesi ni siku 225.

Aya zake zinaweza kusomeka hivi:

«7. Tarehe 11 Machi 2024 nilipokea kazini, kutoka kwa kaka wa mwombaji, barua ya wakili wake. Wakati huo msingi ulikuwa umekamilika na kuta zilikuwa zimefika mstari wa tatu wa mawe. Nilikuwa nimetumia shilingi 410,000. Nakala ya barua na risiti ni kielelezo cha 3.

«8. Tarehe 25 Machi 2024 nilijibu na kuomba nionyeshwe makubaliano ya mwombaji. Barua yangu yenye muhuri wa kupokewa ni kielelezo cha 4. Sikujibiwa.

«9. Kati ya tarehe hiyo na 22 Oktoba 2024 niliendelea kujenga mchana, mbele ya barabara. Kuta zimefika kwenye linta. Hadi siku hiyo nilikuwa nimetumia jumla ya shilingi 2,950,000. Risiti ni kielelezo cha 5.»

Hakuna tusi, hakuna «nia mbaya», na hata neno kuchelewa halikutajwa. Hakimu anatoa mwenyewe: shilingi 2,540,000 zimeingia ardhini tangu barua ile iandikwe, nyingi zake katika kile kimya.

Soma tena aya ya nane. Ndiyo bawaba ya hati nzima, na nitaeleza kwa nini. Mwombaji akishasoma aya ya tisa atageuza upanga: «Kumbe ulikuwa na taarifa tangu Machi! Ulijenga ukijua kuna mgogoro, tena Mei ukaenda kukopa. Hasara umejitakia.» Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na inaweza kuizamisha hati isiyokuwa na barua ya tarehe 25 Machi. Aliyepewa onyo akalitupa kapuni na kuharakisha ujenzi amecheza kamari, na mahakama haina sababu ya kumlipia kamari yake. Aliyepewa onyo akaonyesha hati miliki yake, akaomba aonyeshwe ya mwenzake, akangoja, ndipo akaendelea, huyo ana la kusema. Kuhusu mkopo, aseme mwenyewe kabla hajasemewa: aliuchukua Mei, miezi miwili baada ya barua yake kubaki bila jibu. Jambo baya likitoka kinywani mwako linapungua ukali.

Mwombaji ana kinga nyingine, na ni nzuri: yuko Doha. Atasema alikuwa mbali, hakuona, likizo hana. Kuwa ughaibuni ni sababu ambayo mahakama inaweza kuikubali, kama vile inavyoweza kukubali kwamba pande mbili zilikuwa katika mazungumzo ya kweli ya kupatana. Kuchelewa kulikoelezwa si sawa na kuchelewa kusikokuwa na maelezo. Ndiyo maana aya ya saba inamtaja kaka na wakili. Mwenye kaka mtaa wa pili na wakili Mombasa tangu Machi hakuhitaji ndege ili kufungua kesi. Lakini tahadhari: kama aliyepokea barua ni fundi mkuu, mama hawezi kuapa kwamba yeye ndiye aliyemwona kaka. Katika maombi ya muda kama haya kanuni zinaruhusu kusema «nimeambiwa na fundi wangu, nami naamini», ilimradi chanzo kitajwe. Afadhali fundi aape hati yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja. Atakayeitwa kuhojiwa juu ya kiapo, na mahakama ina uwezo wa kumwita, ni bora awe ndiye aliyeona.

Tuje kwenye fidia. Hapa mama amepewa zawadi na barua ya mpinzani wake. Kisheria ardhi ina heshima ya pekee: husemwa kwamba kila kipande ni cha aina yake, hakuna kingine kilicho sawasawa nacho, hivyo kukipoteza si kama kupoteza gunia la mchele. Mwombaji ataegemea hapo. Ila yeye mwenyewe, mezani kwa wakili wake, alikitia bei kiwanja hicho. Aliyesema «kiwanja au shilingi milioni 2.4» amekwisha kusema kwamba pesa inaweza kukaa mahali pa kiwanja, na hata ni pesa ngapi. Kuta za mama hazibadilishi hesabu hiyo.

Kuna kitu kidogo cha kuangalia kwanza, na nimeona watu wakikisahau. Juu ya barua nyingi za mawakili huandikwa kwamba barua inatolewa bila kuathiri haki za mteja. Kama ni barua ya kutafuta suluhu, yenye maneno hayo, haiwezi kutolewa kama ushahidi. Ni mazungumzo ya faragha ambayo sheria inayalinda ili watu wasiogope kupatana. Anayeipachika kwenye hati yake atakuta aya nzima imefutwa, na hakimu amekunja uso. Barua ya mama ni ya madai ya wazi, haina maneno hayo, wala haitoi nafuu yoyote. Inatumika.

Barua peke yake haitoshi. Maneno ya Nguruman yana vipande viwili: fidia itoshe, na mlipaji awe na uwezo. Hati nyingi za kujibu zinakufa kwenye kipande cha pili. Utasoma «mwombaji anaweza kufidiwa kwa pesa», kisha hakuna hata karatasi moja inayoonyesha pesa hiyo itatoka wapi. Benki ikisema hivyo, hakimu haulizi. Mama wa Mtwapa akisema hivyo, ataulizwa. Aambatanishe taarifa ya akiba yake ya sako, hati ya shamba lake jingine huko Kaloleni na ripoti ya mthamini wa ardhi aliyesajiliwa. Aseme kwamba shamba hilo halina deni, na aambatanishe matokeo ya upekuzi kutoka masijala ya ardhi kuthibitisha. Na aanze aya hiyo kwa maneno «bila kukiri kwamba mwombaji ana haki yoyote», kwa sababu kusema unaweza kulipa si sawa na kusema unadaiwa, na mpinzani asipate nafasi ya kuyachanganya.

Palipo laini katika hoja hii lazima paonekane. Majaji wa Kenya wamekataa kuigeuza kanuni ya fidia kuwa ruhusa ya tajiri kuvunja sheria na kulipa baadaye. Mwaka 2001, katika shauri la Waithaka dhidi ya shirika la maendeleo ya viwanda na biashara, Jaji Ringera alisema si sheria ya chuma kwamba fidia ikitosha zuio hunyimwa kila mara. Miaka saba baadaye, katika shauri la Joseph Siro Mosioma dhidi ya kampuni ya mikopo ya nyumba, Jaji Warsame akaenda mbele zaidi: fidia haiwezi kuwa badala ya hasara inayotokana na uvunjaji wa wazi wa sheria. Kwa hiyo kama mama amejenga bila kibali cha kaunti, au amemfukuza mtu kwa mabavu, hoja ya fidia itamtoka mikononi. Kibali cha ujenzi kiwe kielelezo cha kwanza au cha pili, kabla ya risiti yoyote ya saruji. Picha za simu za hatua za ujenzi nazo zinafaa, zikiwa na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachosema zilipigwa na nani, kwa kifaa gani na lini.

Inabaki mizani ya usumbufu. Hapa watu huandika kwa machozi. Mama atashawishika kusema kwamba ana watoto wanne, kwamba ni mjane, kwamba amedhulumiwa. Huenda yote ni kweli. Lakini mizani hupima matokeo ya amri, na matokeo yana hesabu.

Vyumba vinane kwa kodi ya shilingi 6,500 kila kimoja ni shilingi 52,000 kwa mwezi. Zuio likidumu miezi 12, kila kitu kinasogea mbele kwa mwaka: kodi ya shilingi 624,000 haitaingia. Mkopo wa sako unalipwa shilingi 66,000 kila mwezi, ujenzi usimame usisimame. Hapa wengi hujumlisha kodi na marejesho ya mkopo na kupata tarakimu nene. Ni makosa, na wakili wa upande wa pili ataiona mara moja: mkopo ungelipwa vyovyote vile. Ambacho zuio linakifanya ni kuondoa kodi iliyokusudiwa kuubeba mkopo huo. Mama aseme hivyo hivyo, kwamba atalazimika kutafuta shilingi 66,000 za kila mwezi kutoka kwenye duka lake la vitenge, na aonyeshe mapato ya duka. Kisha aeleze vitu visivyosubiri: mifuko 60 ya saruji iliyoko stoo, ambayo kwa unyevu wa pwani itaganda, nondo zilizoachwa wazi kwa upepo wa chumvi, mbao za kukodi ambazo mwenyewe anazitaka. Fundi aape juu ya hayo. Yeye ndiye anayeyajua.

Hapo mwombaji atacheka kidogo na kusema: «Lakini hasara yako nayo ni ya pesa. Kama fidia inanitosha mimi, inakutosha na wewe.» Na amesema kweli. Jibu la mama ni swali: nani atakayeilipa? Kanuni zinaruhusu zuio litolewe kwa masharti, likiwamo la kuweka dhamana. Kama katika hati yake yote mwombaji hakuahidi popote kulipa hasara ya mama iwapo itaonekana zuio halikustahili, na mshahara wake unalipwa Doha, mbali na mkono wa mahakama ya Kenya, basi mama aliyefungwa mwaka mzima akashinda kesi atabaki na ushindi na kuta zilizoota magugu. Aya moja iseme kwamba ahadi haikutolewa. Wakili naye aombe, endapo zuio litatolewa, mwombaji aweke dhamana mahakamani.

Halafu uje upande wa pili wa mizani: mwombaji atapoteza nini ujenzi ukiendelea? Ardhi haikimbii. Hofu yake ya kweli, akiisema bila mapambo, ni kwamba mama anaweza kuuza au kuweka rehani kabla ya hukumu. Hofu hiyo ina dawa isiyosimamisha ujenzi. Mama aahidi kwa kiapo kwamba hatauza, hatahamisha wala hataweka rehani kiwanja hicho mpaka kesi iishe, na kwamba yuko tayari kizuizi kiandikwe kwenye daftari la ardhi. Aongeze kwamba anachojenga kuanzia sasa anakijenga kwa hatari yake, na akishindwa hatadai gharama. Sentensi hii ya mwisho inatisha, na wakili mwema atamwambia afikiri usiku mzima kabla ya kuitia sahihi, kwa sababu haina kurudi nyuma. Lakini nguvu yake ni kubwa kuliko kurasa kumi za malalamiko. Inampa hakimu njia ya kumlinda kila mtu bila kumvunja yeyote.

Baada ya hayo ni mambo ya fomu, yasiyohitaji maneno mengi. Hati iapwe mbele ya kamishna wa viapo ambaye si wakili wa mama katika kesi hii. Pale mwishoni paonyeshwe imeapwa wapi na tarehe gani, na kila kielelezo kipigwe muhuri na nambari. Makosa ya sura yanaweza kusamehewa. Hati iliyotiwa sahihi nyumbani na kupelekewa kamishna na mtu mwingine si kiapo hata kidogo, na mama akiulizwa aliapa mbele ya nani, hatakuwa na jibu.

Tarehe 5 Novemba ikifika, amri inayoweza kutoka mara nyingi haiko upande wowote moja kwa moja. Huenda hakimu akakataa zuio la ujenzi na kuagiza kizuizi kwenye daftari. Huenda akalitoa na kumtaka mwombaji dhamana. Au, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi, akaandika mstari mmoja tu: hali ibaki ilivyo mpaka uamuzi utakapotolewa. Mawakili wanainama, wanakusanya majalada, wanatoka. Ilivyo ni ipi? Jengo lisilokamilika limesimama, au jengo linaloendelea kujengwa? Pande mbili huenda nyumbani kila mmoja na tafsiri yake, na wiki moja baadaye mmoja anarudi na maombi ya kumfunga mwenzake. Wakili wa mama anatakiwa asimame kabla mlango haujafungwa, aombe amri itaje kwa maneno kama zege inaweza kumwagwa au la.

Maana fundi mkuu atapiga simu kabla mama hajafika kwenye kituo cha matatu. «Mama, wamesemaje? Nirudishe vijana juu, au niwaambie watafute kazi kwengine?»